Tangazo la ofa limetuletea ugomvi kaunta, naombeni msaada wa kuliandika upya kabla ya kesho asubuhi

kaunta_ya_mwanza:
Wakuu habarini za jioni. Nafanya kazi duka la vyombo vya ndani hapa Mwanza mjini, tunauza friji, magodoro, majiko ya gesi, masufuria, feni na TV kidogo. Jana Jumanne bosi kaweka tangazo kwenye stetasi na magrupu kama matano hivi, leo siku ya kwanza tu ya ofa nimeshinda nabishana na watu mpaka sauti imekauka. Bosi kakubali tulibadilishe ila kasema nimletee maneno mapya kesho kabla hatujafungua. Tangazo lenyewe ndo hili nalinakili kama lilivyo:

> OFA KABAMBE YA MWISHO WA MWEZI!!! PUNGUZO HADI 30% BIDHAA ZOTE. Nunua friji upate STABILAIZA BURE na USAFIRI BURE MWANZA NZIMA. Ukilipa keshi unaongezewa 5%. Kulipa kidogo kidogo ruksa. Jumatano hadi Jumapili saa 6 usiku. Wahi kabla stoki haijaisha. Vigezo na masharti kuzingatiwa.

Sasa ukweli wa ofa ni huu. Friji punguzo 10%, magodoro 15%, seti za masufuria 30%, vingine vyote havina kitu. Stabilaiza ni kwa friji za lita 200 kwenda juu na ziko 25 tu stoo. Usafiri bure ni kwa friji na magodoro, bosi alimaanisha mjini. Leo mmama kaja kutafuta jiko la gesi la plate mbili anadai apunguziwe 30%, mwingine kapiga simu kutoka Ukerewe anataka friji apelekewe hadi mlangoni kwake Nansio bure, na mwingine tumevutana naye kwa shilingi 4,750 nitawaeleza baadae. Tuanzie wapi?

Mzee wa Soko:
Binti pole na kazi. Mimi nimefanya biashara tangu enzi hizo, tangazo lenu halina shida kubwa. Mmeandika vigezo na masharti kuzingatiwa, hayo maneno yanawalinda. Mteja akibisha muoneshe hapo mwisho. Kosa lenu ni urefu, kata kata maneno, tangazo likiwa fupi watu wanaelewa.

bin_kassim:
Mzee wangu shikamoo. Kwenye urefu uko sawa nusu, ila hayo maneno ya vigezo na masharti hayamlindi mtu kama vigezo vyenyewe havijaandikwa popote. Mteja akiuliza vigezo vipi, kaunta inajibu nini? Mimi naandika matangazo ya maduka hapa Dar miaka sasa na hayo maneno nimeyafuta kwenye kila tangazo nililopewa, maana yakishakuwepo mwandishi anaona amemaliza kazi, masharti hayaandiki tena.

Dada kaunta, tatizo lako ni kwamba kwenye tangazo lenu kila sharti limekaa mbali na kitu linachokibana, au halipo kabisa. Bidhaa zote imekaa na 30%, kwahiyo yule mmama wa jiko hajakosea kusoma, kasoma kilichoandikwa. Neno hadi mtu halioni, jicho linaenda kwenye namba kubwa. Na hapa hadi inaficha kwamba 30% ni ya masufuria peke yake. Weka kila bidhaa na punguzo lake mstari mmoja, alaf taja wazi visivyomo. Wenye maduka huwa hawapendi kuandika visivyomo, wanaona kama wanafukuza wateja, lakini mtu aliyepanda daladala kutoka Buhongwa akaambiwa jiko halimo, huyo umempoteza na kesho anawasimulia wenzake.

kaunta_ya_mwanza:
Yaani huyo mmama kweli alitoka Buhongwa. Alikuwa na elfu 55 mkononi kashapiga hesabu yake kabisa, jiko ni 75,000 akatoa 30% akapata 52,500, inabaki ya nauli. Nilimuonea huruma sana.

zuhura_vitenge:
Jamani na mimi niulize hapo hapo, nina duka la vitenge Tanga, kwa mwisho wa mwezi nitoe punguzo asilimia ngapi ili nisile hasara? Vitenge vya wax navipata kwa bei ya juu sana siku hizi.

bin_kassim:
Dada Zuhura hilo fungulia uzi wake, hapa tunashughulika na maneno ya tangazo, asilimia bosi wake keshaamua. Ila ukishapanga, rudi usome hapa kabla hujaandika.

mhasibu_dom:
Hiyo 4,750 naona kama naijua. Ni friji ya laki tisa na nusu?

kaunta_ya_mwanza:
Ehee mkuu umejuaje! Friji ya lita 210, bei yake 950,000. Mteja kajumlisha 10 na 5 akapata 15%, kwahiyo akaja na 807,500 kamili kaifunga na rababendi. Sisi kwenye mashine ikatoka 812,250. Akakataa kuongeza, anasema tunamuibia.

mhasibu_dom:
Basi ndo hivyo. Nyie mlitoa 10% kwanza, 950,000 ikawa 855,000, alaf 5% mkaitoa kwenye hiyo 855,000 ambayo ni 42,750, ikabaki 812,250. Yeye alitoa 15% kwenye bei ya mwanzo. Hesabu zote mbili ni sahihi, tangazo ndo halikusema 5% ni ya bei ipi. Neno unaongezewa mtu yeyote analielewa kama kujumlisha, mimi mwenyewe mhasibu ningejumlisha.

Ushauri wangu msiandike asilimia mbili zinazopandana. Andika kwa shilingi. Kama friji ni 855,000 kwa ofa, andika "ukimaliza yote kwa mara moja unalipa 812,000". Zungusheni iishe. Na hakikisha risiti ya EFD inatoka na bei hiyo hiyo aliyolipa, msije mkamtolea risiti ya 950,000 alafu punguzo mkaliandika kwa kalamu. Na bei ya kwenye tangazo iwe tayari na VAT ndani, mteja asije akaongezewa 18% kaunta wakati kashaona namba nyingine kwenye simu.

shangazi_nakuru:
Mimi niko Kenya lakini haya mambo ni yale yale. Nina swali, keshi mlimaanisha nini? Maana huku mtu akilipa kwa simu anahesabu amelipa keshi, pesa imeingia papo hapo. Lakini kuna duka lilinikatalia wakasema keshi ni noti. Nilitoka hapo nimekasirika kabisa na sikurudi.

kaunta_ya_mwanza:
Shangazi umegusa penyewe. Bosi alimaanisha asiyelipa kidogo kidogo, yaani amalize yote siku hiyo. Lakini leo keshia alimkatalia mtu wa lipa namba akasema sio keshi. Sisi wenyewe humu ndani hatukuwa tumeelewana.

bin_kassim:
Hapo andika "ukilipa bei yote kwa mara moja, kwa noti au kwa simu". Maneno machache tu na keshia naye anajua cha kufanya. Tangazo linasomwa na wafanyakazi pia, kama nyie wawili mnalisoma tofauti basi wateja mia watalisoma mara mia.

Twende kwenye tarehe, hapa ndo kuna balaa. "Jumatano hadi Jumapili saa 6 usiku". Kwanza Jumatano ipi? Hiyo picha ishaingia kwenye magrupu, kuna mtu ataifowadi tarehe 10 mwezi ujao na kuna mtu atakuja nayo dukani siku ya Jumatano na atakuwa na haki ya kuudhika. Tangazo lisilo na tarehe, mwezi na mwaka halifi. Pili, saa 6 usiku ya Jumapili ni ipi? Kuna watu usiku wa Jumapili kwao ni ule wa kuamkia Jumapili, yaani Jumamosi ikiisha, na wengine ni ule wa kuamkia Jumatatu. Hapo umempoteza mtu siku nzima. Na tatu, duka lenu Jumapili mnafunga saa ngapi?

kaunta_ya_mwanza:
Jumapili tunafunga saa 11 jioni.

bin_kassim:
Umeona. Sasa saa 6 usiku anakuja kufanya nini?

kaunta_ya_mwanza:
Bosi anasema ni kwa wanaolipia kwa simu, akituma hela kabla ya saa 6 anakuja kuchukua Jumatatu.

Mzee wa Soko:
Mimi naona hilo liondolewe tu kabisa. Ofa iishe duka likifungwa, kila mtu anaelewa. Mambo ya kulipia usiku kwa simu yanaleta mgogoro, mtu katuma saa 6 na dakika 2, utamwambiaje? Au mtandao ulikuwa chini?

mhasibu_dom:
Mzee hapa nakuunga mkono. Ukiweka muda wa usiku lazima pia useme kinachohesabiwa ni saa ya kutuma au saa ya meseji kuingia kwenye simu ya duka, na hizo zinaweza kupishana. Fupisha, Jumapili tarehe 30 Novemba 2025 saa 11 jioni, dukani au kwa simu, basi.

kaunta_ya_mwanza:
Nalichukua hilo. Sasa usafiri, maana simu ya Ukerewe bado hatujaijibu na yule baba anapiga kila baada ya nusu saa.

mtu_wa_sengerema:
Mimi ndo msomaji wa tangazo lenu bila shaka, niliona kwenye grup la kazini. Mwanza nzima mimi nilielewa mkoa mzima, maana Sengerema ni Mwanza, Kwimba ni Mwanza, Magu, Misungwi, Ukerewe pia. Na sasa daraja la Kigongo-Busisi lipo hatusubiri tena kivuko, nikajua ndo maana mmeamua kutoa usafiri bure huku. Nilishamwambia wife tunachukua godoro la 5 kwa 6.

kaunta_ya_mwanza:
Kaka samahani sana, bosi alimaanisha Nyamagana na Ilemela tu.

mtu_wa_sengerema:
Sasa si mngeandika hivyo.

bin_kassim:
Kaka wa Sengerema asante, umetusaidia kuliko sisi wote. Dada, taja wilaya kwa majina, Nyamagana na Ilemela, usiandike mjini wala jiji wala nzima, maana mtu wa Kisesa atakuambia na yeye yuko mjini wakati Kisesa iko Magu. Na wa nje msiwaache hivi hivi, waambieni mnawafikisha wapi. Mfano mzigo mnaupeleka bure mpaka stendi ya Nyegezi au Nyamhongolo, au gatini kwa watu wa Ukerewe, kutoka hapo nauli ya mzigo ni ya mteja. Hiyo bosi atakubali maana gari lenu tayari linazunguka huko, na mteja anajua kabisa atatoa nini mfukoni.

kaunta_ya_mwanza:
Nimempigia sasa hivi kakubali stendi zote mbili na gatini. Ila anauliza yule wa Ukerewe aliyepiga simu tayari tunamfanyaje, tangazo aliloliona lilisema Mwanza nzima.

mhasibu_dom:
Mpelekeeni. Aliona tangazo likiwa hai, akapiga simu siku ya ofa, na maneno yalikuwa wazi kwake. Kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inakataza kumpotosha mteja kuhusu bei na manufaa anayopata, na Tume ya Ushindani ndo inasimamia. Sisemi ataenda huko, nasema msiwe upande wa kujitetea kwa sababu ya nauli ya boti.

Mzee wa Soko:
Siafiki. Ukimpelekea mmoja kesho watakuja kumi na tangazo la zamani kwenye simu. Biashara ina mtaji wake. Aombwe radhi, aelezwe, apewe stabilaiza, yaishe.

shangazi_nakuru:
Stabilaiza si ilikuwa yake tayari mzee? Hapo hamjampa kitu.

bin_kassim:
Mimi niko katikati. Wawekeeni mpaka, waliolipa au kupiga simu kabla tangazo jipya halijatoka wapewe kama lilivyosema la kwanza, baada ya hapo jipya ndo linatawala. Lakini ili hilo liwezekane tangazo jipya lazima liseme lenyewe kwamba linachukua nafasi ya lile la tarehe 25. Huwezi kufuta picha kwenye simu za watu, unachoweza ni kuweka mstari juu kabisa. Na masharti yote yawe ndani ya picha yenyewe, sio kwenye maneno ya chini yake, maana watu wanapiga skrini shoti picha na kuitupa kwingine, yale maneno ya chini yanabaki ulikoyaandika.

Na stabilaiza, andika ziko 25. "Kabla stoki haijaisha" haimsaidii mtu wa Magu kuamua apande gari leo au kesho. Zikifika chini, piga posti nyingine useme zimebaki ngapi, zikiisha sema zimeisha.

kaunta_ya_mwanza:
Naandika sasa hivi wakuu, nipeni kama dakika ishirini.

mtu_wa_sengerema:
Wakati unaandika, kuna kitu hakuna aliyekisemea. Kulipa kidogo kidogo. Mimi nikitoa laki moja ya godoro Ijumaa, nikamalizia mwezi wa kwanza, nalipa bei ya ofa au bei ya kawaida?

zuhura_vitenge:
Na mimi hili linanihusu! Nina wateja wa aina hii dukani, mtu analipia mwezi wa 9 anasikia ofa mwezi wa 11 anataka salio lake lipunguzwe. Niligombana na jirani yangu kabisa kwa kitenge cha elfu 35.

mhasibu_dom:
Hayo ni maswali mawili tofauti na tangazo linatakiwa kujibu yote. La kaka ni mtu anayeanza ndani ya ofa, anapata bei ya ofa lakini amalize lini? La dada Zuhura ni mtu aliyeanza kabla, je ofa inamgusa? Kwa kawaida jibu la la pili ni hapana, bei yake ilishafungwa siku aliyotoa hela ya kwanza, lakini lazima liandikwe. La kwanza bosi aamue tarehe.

kaunta_ya_mwanza:
Bosi hajapokea simu, nadhani kalala. Nimeweka mwanya hapo. Haya someni, nimejitahidi:

> PUNGUZO LA BEI: FRIJI, MAGODORO NA MASUFURIA
> *(Tangazo hili linachukua nafasi ya lile la Jumanne 25 Novemba)*
>
> Kuanzia Jumatano 26 hadi Jumapili 30 Novemba 2025. Jumapili mwisho saa 11 jioni, dukani au kwa simu.
>
> Friji zote: punguzo 10%
> Magodoro yote: punguzo 15%
> Seti za masufuria: punguzo 30%
> Majiko ya gesi, feni na TV ni bei ya kawaida.
>
> Mfano: friji ya lita 210 ilikuwa 950,000, sasa 855,000. Ukilipa yote kwa mara moja, kwa noti au kwa simu, unalipa 812,000.
> Godoro 5 kwa 6 inchi 8 ilikuwa 280,000, sasa 238,000.
>
> Stabilaiza bure kwa friji ya lita 200 au zaidi. Ziko 25.
>
> Usafiri wa friji na godoro: bure mpaka nyumbani ukiwa Nyamagana au Ilemela. Nje ya hapo tunakufikishia bure stendi ya Nyegezi, Nyamhongolo au gatini, kuendelea mbele ni juu yako.
>
> Kulipa kidogo kidogo: ukianza ndani ya tarehe za ofa unapata bei ya ofa, umalize kabla ya tarehe ______. Waliokwisha kuanza kulipa kabla ya tarehe 26 wanaendelea na bei yao.

bin_kassim:
Hili sasa ni tangazo. Nina mawili. Kile kipunguzo cha kulipa mara moja umekiweka kwenye mfano wa friji tu, je godoro nalo lina 5%? Msomaji atajiuliza. Kama lipo, godoro linakuwa 226,100 na uandike. Kama halipo, sema ni kwa friji tu.

La pili, kabla hujalirusha mpe mtu asiyefanya kazi hapo dukani, jirani, bodaboda, yeyote. Usimuulize kama ameelewa maana atasema ndio. Muulize swali lenye jibu, mfano "nipo Magu, nataka godoro na jiko la gesi, nakuja Jumapili saa 12 jioni, nitalipa ngapi na mzigo utafika wapi?" Anatakiwa akujibu kwamba nimechelewa na jiko lisingepunguzwa hata ningewahi. Akikosea sehemu, mstari wa sehemu hiyo ndo mbovu, rekebisha huo tu.

kaunta_ya_mwanza:
Nimemuuliza mdogo wangu hapa. Ya saa kapata, ya jiko kapata, ya usafiri kasema mzigo utafika Magu stendi.

bin_kassim:
Basi "tunakufikishia stendi" anaisoma kama stendi ya kwake. Andika "tunaupeleka mzigo bure mpaka stendi ya Nyegezi au Nyamhongolo hapa Mwanza".

Mzee wa Soko:
Limekuwa refu binti, nakuambia. Watu hawasomi.

shangazi_nakuru:
Mzee, mtu anayetoa laki nane anasoma. Hata mimi ya masufuria ningesoma. Kichwa kikubwa, tarehe, bei, hizo ndizo za herufi kubwa, zile zingine zikae chini lakini zisomeke bila kuvuta picha kwa vidole.

mtu_wa_sengerema:
Mimi nimelielewa. Sijafurahi kuhusu usafiri lakini nimelielewa, nauli ya godoro kutoka Nyegezi naijua. Nitakuja Ijumaa.

mhasibu_dom:
Dada swali moja la mwisho na usikasirike. Hiyo 950,000, ndo bei mliyokuwa mnauza wiki iliyopita? Nauliza kwa sababu kuna maduka yanapandisha Jumatatu yanapunguza Jumatano.

kaunta_ya_mwanza:
Friji ndio, hiyo bei ipo tangu mwezi wa 8 na risiti zipo. Masufuria sina uhakika, yaliingia mzigo mpya juzi na kibandiko cha 120,000 nilikikuta tayari. Ngoja nikaulize asubuhi.

mhasibu_dom:
Kama hamjawahi kuyauza kwa 120,000, usiandike 30%. Andika bei tu, seti 84,000.

kaunta_ya_mwanza:
Bosi kaamka, anasema tarehe ya kumalizia ni 31 Januari 2026, na 5% ni friji tu. Ya masufuria kanyamaza kidogo alaf akasema tuongee nikifika. Ya baba wa Ukerewe kasema tutagawana nauli ya boti nusu kwa nusu, sijui kama atakubali, nampigia saa 2.